MREJESHO: Barua ya kodi ya nyumba, Malindi

Niliuliza: "Mwenye nyumba ataka kupandisha kodi kutoka 12,000 hadi 15,000, naandika nini kwenye barua anielewe?"

Haya, mzee kajibu. Asanteni mlioniambia niache kulalamika niweke hesabu.

Nilitoa steitimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikapiga haileita kila malipo ya kodi, yote yameingia kabla ya tarehe 5, hata Mei na Juni hoteli zikiwa zimelala. Hapo kwa mapato ndipo palikuwa na kazi, maana mimi ni wa hoteli na Desemba hupata vizuri, na mzee hiyo Desemba ndiyo aiona. Basi nikajumlisha miezi 12 nikagawanya, ikatoka 40,000 kwa mwezi. Nikamwandikia wazi: 12,000 ni asilimia 30 ya mapato yangu, 15,000 ni 37.5, na miezi ya kusi hiyo siiwezi bila kuchelewesha.

Halafu sikuishia "naomba unihurumie", nikaweka ofa: "Mzee wangu, naomba iwe 13,000 kuanzia Januari, isipande tena mwaka mzima, tuandikishane." Nikaongeza kuwa nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu atapoteza 12,000, na hiyo nyongeza ya 3,000 itamchukua miezi minne kuifidia.

Kanipigia baada ya Ijumaa, akakubali 13,000, ila maji sasa nalipa mwenyewe. Mita iko, sawa tu. Tumetia sahihi nakala mbili, moja ninayo.