Kemia imenikatalia udaktari, nimepata nafasi ya maabara. Nikubali au nirisiti?

Chipukizi
Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Matokeo yametoka juzi, nimefungua mwenyewe kwenye simu nikiwa nimejifungia chumbani maana sikutaka mtu asome kabla yangu. Baiolojia A, fizikia B, kemia C. Kwa mtu mwingine hiyo ni sherehe ila mimi tangu zamani plani ilikuwa udaktari tu na chuo ninachokitaka kinadai kemia isiwe chini ya B. Niliomba kozi tatu, udaktari wamenitosa, nimechaguliwa shahada ya maabara ya tiba, na chuo kingine kimenipa baiolojia ya kawaida. Natakiwa nithibitishe kabla ya wiki ijayo kuisha. Baba anasema nirisiti kemia mwaka mzima, mama anasema niende maabara nisipoteze muda. Mimi sijui hata mtu wa maabara anafanya nini kutwa zaidi ya kutoa watu damu. Naombeni mawazo ila msinitukane.

Msela_wa_Takwimu
Mbona rahisi hiyo. Jumlisha pointi zako, A na B zinaibeba hiyo C. Waandikie chuo barua uwaeleze jumla yako iko juu, watakuchukua. Na ukate rufaa kemia isahihishwe upya, huna cha kupoteza.

Darubini
Mkuu hapo umechanganya vitu viwili. Jumla ya pointi inatumika kupanga foleni ya waliokwisha kidhi vigezo, kigezo cha somo ni mlango wenyewe. Kama wameandika kemia B, mwenye C hata awe na A mbili hafiki kwenye hiyo foleni, barua itajibiwa kwa heshima halafu basi. Kuhusu rufaa uko sawa nusu, inafaa ila soma masharti kwanza, kuna sehemu alama ikishuka inabaki hiyo hiyo iliyoshuka. Chipukizi, kuna namna ya kuona alama zenyewe na sio herufi tu? Kama ulikosa B kwa alama moja au mbili kata rufaa leo leo, maana kinachopatikana huko mara nyingi ni kosa la kujumlisha au ukurasa uliorukwa. Kama uko katikati ya C usijipe matumaini.

Mzee_Kijivu
Pole sana binti yangu. Kufeli sio mwisho, kijana wangu naye alifeli masomo yote akaenda kusomea ufundi umeme na sasa ana mafundi chini yake. Tafuta chuo cha ufundi.

Chipukizi
Asante mzee wangu, ila sijafeli, nimepata C 😅. @Darubini alama zipo ila mpaka uombe, nimeshaomba.

Fundi_Sampuli
Ngoja niongee mimi niliye ndani ya maabara ya hospitali miaka mingi. Kwanza hiyo baiolojia ya kawaida iweke pembeni kama unataka kazi ya hospitali. Shahada ya maabara ya tiba ikiwa inatambuliwa na baraza la taaluma, ukimaliza unasajiliwa na unapewa leseni, unasaini majibu ya mgonjwa. Ya baiolojia haikupi leseni hiyo hata ukiwa na ufaulu wa juu, nimeona vijana wanagundua hilo wakiwa wameshavaa joho. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha uliza swali moja tu, kozi hii baraza linaitambua? Usikubali jibu la "iko kwenye mchakato".

Sasa kutwa tunafanya nini. Nikupe mfano. Inaletwa damu ya mgonjwa, mashine inasoma potasiamu 9. Kawaida ya mtu mzima ni kama 3.5 mpaka 5, mwenye 9 moyo wake uko kwenye hatari ya kusimama muda wowote. Ukikimbilia kupiga simu wodini wataanza kumshusha potasiamu mtu ambaye huenda hana shida kabisa. Unaangalia majibu mengine ya chupa ile ile, kalisiamu iko chini mno kiasi kwamba mtu angekuwa anakakamaa misuli. Unapiga simu kuuliza hali yake, unaambiwa amekaa kitandani anapiga stori. Hapo unajua kuna mtu damu ilimpungukia akajazia kutoka kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na ile ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Dawa hiyo inaongeza potasiamu kwenye kipimo na inaikamata kalisiamu isionekane. Unakataa sampuli, unaomba nyingine, inakuja 4.2.

Sasa mdogo wangu, hiyo ni kemia tupu. Ndio maana nakuuliza, C yako ni ya kutoelewa au ya kitu kingine? Kama kemia yenyewe huipendi, maabara itakuchosha kuliko udaktari maana huku unaishi nayo kila siku. Na jingine, mgonjwa humuoni sana, unaona chupa yenye jina lake. Kuna zamu za usiku na sifa zinaenda kwa daktari. Mimi sijali, ila kuna wenzangu liliwasumbua mpaka wakaacha.

Nilirisiti
Mimi nilirisiti kemia nikapanda ila naongea ukweli, mwaka wa kukaa nyumbani na somo moja ni mrefu sana, miezi ya mwanzo husomi. Kilichonisaidia ni kujua nilianguka wapi. Nadharia nilikuwa vizuri, vitendo ndio viliniua, kwenye taitresheni nilikuwa napitiliza rangi, matone mawili matatu zaidi kila mara, halafu majibu yangu hayashikani. Nikatafuta mahali pa kufanyia mazoezi mpaka mikono ikatulia. Kama hujui ulipoangukia utarudia ile ile C. Pia uliza chuo chako kama wanapokea alama za kurisiti kwa udaktari, vingine vinaangalia mtihani wa kwanza tu.

Chipukizi
Mi ni kinyume chako dada, vitendo napenda sana, shida ni hesabu za moli na zile za msawazo, karatasi ya nadharia sikumaliza swali la mwisho. Fundi asante, ile stori ya potasiamu nimemsomea mama mara mbili. Swali langu jingine, nikienda maabara naweza kuhamia udaktari baadaye?

Msela_wa_Takwimu
Ndio, unahama mwaka wa pili, jamaa yangu alifanya.

Fundi_Sampuli
Jamaa yako alibahatika. Kuhama katikati kunategemea nafasi na mara nyingi vigezo vya kuingilia vinaangaliwa upya, na ile C itakuwa bado ipo. Njia ambayo nimeiona kwa macho ni kumaliza shahada kwa ufaulu mzuri halafu kuomba udaktari kama mwenye shahada, kwa vyuo vinavyoruhusu. Ni miaka mingi. Usiingie maabara ukiwa umeweka begi mlangoni.

Darubini
Hapo sikubaliani na fundi. Mtu anaweza kuingia na nia ya kuhama na bado akafanya kazi nzuri, wengi tu wanabadilika huko huko ndani.

Nilirisiti
Kama shida ni moli na msawazo, hiyo inasomeka jioni. Thibitisha maabara, jisajili mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kama chuo hakikatazi, ujue tu mwaka wa kwanza una baiokemia na haitakusubiri.

Chipukizi
Alama zimekuja, nilikosa B kwa alama saba. Rufaa naachana nayo. Kesho napiga simu chuoni kuuliza habari ya baraza na hiyo ya kurisiti huku nasoma. Baba bado hajakubali, kanuna sebuleni.

Mzee_Kijivu
Mpe baba yako simu aongee na mimi.