Kugeuza maelezo ya mhadhara wa mnyororo wa maziwa kuwa mchoro wa leni: nani anaingia wapi?

BintiWaNjoro
Hamjambo wanajukwaa. Tumefundishwa mnyororo wa ugavi wa maziwa, kutoka kwa mkulima mdogo wa huku Njoro na Molo hadi kiwandani. Kazi ya kikundi ni kuugeuza mhadhara kuwa mchoro wa leni, ule wenye mistari mirefu kama kidimbwi cha mashindano ya kuogelea, ili ionekane nani anafanya nini kila hatua. Sehemu yenyewe kwenye daftari inasema hivi:

"Maziwa hukamuliwa na kukusanywa asubuhi mapema. Hufikishwa kituoni, hupimwa ubora na uzito, kisha hupozwa hadi nyuzi 4. Lori la tangi huyapeleka kiwandani. Mkulima hulipwa mwisho wa mwezi kulingana na kilo zilizopokelewa, baada ya makato."

Nimechora leni nne: Shamba, Barabara, Kituo na Kiwanda. Kimetoka kitu kama ngazi, mshale mmoja unashuka kutoka juu hadi chini basi. Mwenzangu anasema nimekosea lakini hawezi kueleza ni wapi. Nisaidieni.

MkaaMenengai
Dada, leni ya juu kabisa iwe ya mwenyekiti wa ushirika, halafu meneja, halafu makarani, mkulima chini. Ukipanga kwa vyeo hutakosea.

FundiMichakato
@MkaaMenengai huo ni mchoro wa vyeo, ni kitu kingine. Mwenyekiti hagusi mtungi wala hasaini risiti ya asubuhi, kwa hiyo katika mchoro huu hana leni kabisa.

BintiWaNjoro, tatizo lako ni kwamba leni zako ni mahali, si watu. "Kituo" hakiwezi kupima maziwa. Kuna mtu anayepima. Ukiandika mahali, kazi za watu watatu zinaingia leni moja na makabidhiano yote kati yao yanapotea, na makabidhiano ndiyo mchoro huu umeundwa kuyaonyesha. Shamba, Barabara, Kituo na Kiwanda usivitupe lakini. Vipange kama safu za wima zinazokata leni zote, msomaji ajue yuko sehemu gani ya safari.

Sasa rudi kwenye daftari na penseli. Pigia mstari kila kitenzi: hukamuliwa, hukusanywa, hufikishwa, hupimwa (mara mbili, ubora na uzito), hupozwa, huyapeleka, hulipwa. Ona vilivyo vingi ni vya kutendwa. Mhadhiri amesema kazi inafanyika bila kusema nani anaifanya, na hilo ni jambo la kawaida kwa sababu mhadhara hufuata bidhaa. Mchoro wako unafuata watu. Kwa hiyo kwa kila kitenzi andika majibu matatu: nani, anamkabidhi nani, na anamkabidhi nini. Pale ambapo daftari halina jibu, weka alama ya kuuliza, usibuni. Kwa mfano:

hukamuliwa: mkulima, kwa msafirishaji, mtungi wenye namba yake
hufikishwa: msafirishaji, kwa karani wa mapokezi, mitungi
hupimwa ubora: karani wa mapokezi? kwa nani? matokeo yanaandikwa wapi?
hupimwa uzito: karani, kwa mkulima, risiti ya kilo, kwa mhasibu, daftari la siku
hupozwa: mwendesha tangi, kwa dereva wa lori, maziwa ya nyuzi 4
hulipwa: mhasibu, kwa mkulima, malipo baada ya makato

Leni zako zimeshajitokeza zenyewe: mkulima, msafirishaji, karani wa mapokezi, mwendesha tangi, mhasibu, dereva wa lori. Usichore chochote kwenye kompyuta kabla jedwali hili halijakamilika. Ukianza na kuchora, utatumia jioni nzima kusogeza visanduku.

KijanaWaKondele
Fundi amesema vizuri, ila msimchanganye dada. Hapo kwenye ubora aweke kisanduku kimoja tu, "Pima ubora", kwenye leni ya karani, mshale uendelee. Kipimo cha pombe kinaonyesha kama maziwa yameongezwa maji, yakiwa safi yanapita. Rahisi.

KaraniWaMitungi
Kijana, nusu yake ni sawa: kazi ni ya karani na jina la kisanduku linatosha. Lakini pombe haionyeshi maji. Unachanganya maziwa na alkoholi kiasi sawa, mililita 2 kwa 2 inatosha, unatikisa, ukiona punje za kuganda ujue yameanza kuchacha au hayatastahimili moto kiwandani. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi nayo huganda hapo. Maji yanatafutwa kwa laktomita: maziwa ya kawaida husoma kama 28 hadi 32 yakiwa nyuzi 20, yakitiwa maji usomaji unashuka. Ni vipimo viwili vyenye sababu mbili tofauti za kukataa, na kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa. Wa kwanza anaweza kuwa alichelewa tu, wa pili anashukiwa udanganyifu.

Baada ya kisanduku hicho lazima kuwe na umbo la almasi la uamuzi, "Yamepita?", yenye njia mbili zilizoandikwa ndiyo na hapana. Daftari limesema habari ya maziwa yaliyopita tu. Yaliyokataliwa yanaenda wapi? Nani anamwambia mkulima, na amebaki nyumbani, hayupo kituoni? Kwa kawaida ni msafirishaji anayerudi na mtungi na ujumbe, kwa hiyo mshale wa "hapana" unatoka kwa karani, unapita leni ya msafirishaji, unafika kwa mkulima. Ngazi yako, dada, inavunjika hapo.

Na kuna swali zito kuliko hilo. Msafirishaji anabeba mtungi wa kila mkulima peke yake, au anamimina maziwa ya wakulima kadhaa kwenye mtungi mmoja mkubwa barabarani? Akimimina, kipimo cha kituoni kinapima mchanganyiko. Lita 5 zilizochacha zinaweza kuharibu mtungi wa lita 50, na hakuna tena wa kurudishiwa kwa haki. Katika mpango huo kipimo cha pombe lazima kihamie leni ya msafirishaji, kabla ya kumimina, na uzito pia upimwe pale langoni kwa mkulima. Kwa hiyo kisanduku kimoja kikikaa leni isiyo yake, mchoro unadai kwamba hasara ni ya mtu fulani wakati si yake.

BintiWaNjoro
Asanteni sana. Sikuwa nimeona kabisa suala la kumimina. Slaidi ina picha ya boda yenye mitungi miwili mikubwa, lakini haisemi kama ni ya mkulima mmoja.

FundiMichakato
Basi hiyo ni alama ya kuuliza ya kumpelekea mhadhiri. Ukikosa jibu, chagua mpango mmoja na uandike juu ya mchoro, "Imechukuliwa kuwa kila mkulima ana mtungi wake." Usichore yote mawili kwenye karatasi moja.

SamakiWaDunga
Naomba nidandie uzi. Sisi Kisumu tumepewa kazi hiyohiyo ya samaki wa ziwani. Nina leni 11: mvuvi, msaidizi wake, karani wa kikundi cha kusimamia ufuo (BMU), mama anayeosha samaki, muuza barafu, mpakiaji, dereva, na wengine. Haiingii kwenye karatasi ya A4. Nipunguze herufi?

FundiMichakato
Usipunguze herufi, punguza leni. Pitia kila leni ujiulize: huyu anaamua jambo lolote? Anakabidhi kitu chenye kumbukumbu, kama risiti au uzito? Kama majibu yote ni hapana, kazi yake iingie kwenye leni ya anayemtuma. Msaidizi wa mvuvi anaingia kwa mvuvi, mpakiaji anaingia kwa dereva. Muuza barafu mtazame vizuri kwanza, kwa sababu kama safari haiondoki bila barafu, mshale wake unazuia wengine na anastahili leni. Zaidi ya leni saba hivi, wasomaji huanza kufuata mishale kwa kidole.

KaraniWaMitungi
Na mpangilio wa leni usiwe wa cheo wala wa alfabeti. Wanaokabidhiana mara nyingi wakae jirani. Karani na msafirishaji wakitenganishwa na leni ya mhasibu, kila mshale kati yao utamkatisha mhasibu asiyehusika.

MtaaWaMilimani
Kuhusu chombo: draw.io ni bure na ina umbo la leni tayari. Mimi hupendelea kuandika kwa PlantUML, inayogeuza maandishi kuwa mchoro, kwa sababu kubadilisha leni ni kubadilisha mstari mmoja. Mwanzo wake ungekuwa hivi:

```
@startuml
|Mkulima|
start
:Kamua, chuja, jaza mtungi;
|Msafirishaji|
:Fikisha mitungi kituoni;
|Karani|
:Pima kwa pombe na laktomita;
if (Yamepita?) then (ndiyo)
  :Pima uzito, toa risiti;
else (hapana)
  :Andika sababu;
  |Msafirishaji|
  :Rudisha mtungi;
  |Mkulima|
  :Pokea maziwa na sababu;
  stop
endif
|Mwendesha tangi|
:Poza hadi nyuzi 4;
stop
@enduml
```

Leni zitasimama wima, na zitapangwa kwa namna zilivyotajwa mara ya kwanza. Kila kazi inaanza na nukta mbili na kuishia na nukta-mkato. Ukiisahau ya mwisho, kisanduku kinameza mistari inayofuata au inakataa kuchora.

BintiWaNjoro
Imekubali! Sasa malipo. Nimeunganisha mshale kutoka "Poza" hadi "Lipa mkulima". Ni sawa?

KaraniWaMitungi
Hapana. Tangi kupoa hakusababishi malipo. Kinachomfikia mhasibu ni daftari la kilo kutoka kwa karani, na madeni ya duka la dawa na chakula cha mifugo yanayokatwa. Mshale utoke kwenye "Pima uzito, toa risiti". Tena uwe na alama ya saa iliyoandikwa "mwisho wa mwezi", kwa sababu mapokezi ni ya kila siku ilhali malipo ni mara moja. Bila alama hiyo msomaji atadhani mkulima analipwa kila asubuhi.

KijanaWaKondele
Kiwanda je? Mimi ningekipa leni ya saba, imalizike.

FundiMichakato
Kiwanda ni shirika lingine. Kwa kanuni za BPMN, kiwango cha kimataifa cha kuchora michakato, kinakuwa kidimbwi chake peke yake, yaani fremu ya nje inayobeba leni, na kati ya vidimbwi viwili unapitisha mshale wa vistari-vistari wa ujumbe au bidhaa, si mshale wa mfululizo wa kazi. Ushirika hauamui kazi za ndani ya kiwanda.

MtaaWaMilimani
Kwa kazi ya darasani ni kujitesa bure. Na kwa mantiki hiyo mkulima na boda nao si waajiriwa wa ushirika, utawapa vidimbwi vyao? Leni ya kawaida yenye rangi tofauti inatosha.

FundiMichakato
Mkulima ni mwanachama wa ushirika. Boda nakubali, huyo ana utata. Lakini tangi likifika kiwandani likapimwa tena na kukataliwa, kosa hilo linarudi kwa nani? Kwenye leni moja swali hilo halionekani.

BintiWaNjoro
Mhadhiri hakutaja BPMN popote. Nitaacha kiwanda kama leni yenye rangi nyingine, na almasi ya pili pale tangi linapopokelewa. Njia ya "hapana" sijui bado niielekeze kwa mwendesha tangi au kwa dereva.

KaraniWaMitungi
Inategemea nani alisoma kipimajoto na kusaini wakati wa kupakia. Kisanduku hicho huna kabisa. Kiweke kwanza kabla ya lori kuondoka.