Kumtoa wa pembeni kwenye picha ya ukoo

*Mama Neema:* Shikamooni wakubwa. Ile picha tuliyopiga Chamwino nataka kuisafisha inchi 10 kwa 8, tumpelekee Bibi. Ila kuna yule kijana wa muziki aliyesimama mwisho kulia. Nani anaweza kumtoa?

*Baba Jose:* Marahaba. Hiyo rahisi, unakropu tu. Nimevuta ukingo wa kulia mpaka kapotea. Hii hapa. [picha]

*Babu Chilewa:* Mnamtoaje huyo? Si mkwe wetu!

*Mama Neema:* Hapana Babu, mkwe yupo kushoto. Tunasema kulia kwa anayeitazama picha.

*Shangazi Mwaja:* Na huu mkono begani kwangu wa nani? 😳

*Baba Jose:* Eh! Mwenyewe kaondoka, vidole vimebaki.

*Frank wa studio:* Shikamooni. Kukropu kunakata mstari ulionyooka, hakuzunguki bega la mtu. Chochote chake kilichovuka mstari kinabaki kwetu. Angalieni na chini: jua lilikuwa nyuma upande wa kulia, kwa hiyo kivuli chake kimelala mbele ya viatu vyetu. Hicho kinaisha tukikata chini pia, ila tuache udongo kidogo chini ya viatu. Tukipitisha kwenye vifundo, watu wataonekana hawana miguu.

*Baba Jose:* Basi nikate tena hii yangu?

*Frank wa studio:* Usitumie hiyo, Anko. Umeitoa humu kikundini, imeshabanwa mpaka pikseli 1600 kwa 1200. Ukitoa kulia unabaki na upana wa 1320 hivi. Kwenye inchi 10 hizo ni pikseli 132 tu kila inchi, sura zitakuwa na ukungu. Simu ya Mama Neema ilipiga 4000 kwa 3000. Tukitoa 700 kulia na 360 chini, inabaki 3300 kwa 2640, ambayo ni 10 kwa 8 kamili, pikseli 330 kila inchi. Mama Neema, nitumie kama dokumenti, usiitume kama picha.

*Rehema:* Frank, na mimi ile ya kipaimara, kuna mtu katikati simtaki.

*Frank wa studio:* Wa katikati hakropiki, dada. Ukikata hapo unaondoka na nusu ya watu.

*Shangazi Mwaja:* Na vidole vyangu je?

*Frank wa studio:* Hizo 700 zinapita katikati ya bega lako, Shangazi. Vidole vinaondoka, na mkono wako wa kushoto unaondoka navyo. Uso haukuguswa.

*Shangazi Mwaja:* Kitenge changu kikatwe? Hapana. Vifute vidole peke yake.

*Frank wa studio:* Hiyo ni kazi ya kompyuta, nachukua maua ya kitenge nayafunika juu yake. Maua yasipokutana vizuri, Bibi ataona doa.

*Mama Neema:* Dokumenti nimeshaituma. Frank, tengeneza zote mbili, Shangazi azione kwanza.

*Babu Chilewa:* Mkwe asiguswe.