Naomba ushauri: kujumlisha hali ya miradi midogo kwenye ukurasa mmoja wa meneja

Habari zenu wakuu. Naratibu miradi midogo 30 hivi iliyogawanywa katika makundi, na meneja ana dakika chache tu za kuisoma kila wiki. Kila msimamizi hujaza mstari mmoja kwenye lahajedwali: rangi (kijani, njano au nyekundu), tarehe ya hatua inayofuata, na kikwazo kama kipo.

Ninapokwama ni kwenye kujumlisha. Nilianza na wastani wa asilimia ya kazi iliyokamilika, ukaficha matatizo. Mradi mmoja ulisoma asilimia 90 wiki hadi wiki, kumbe umekwama ukisubiri saini moja, na miradi miwili mingine inautegemea. Nikageuza: kundi lichukue rangi ya mradi wake ulio na hali mbaya zaidi. Sasa karibu kila kundi ni jekundu na meneja haziamini tena rangi, na namwelewa.

Nafikiria kuonyesha idadi ya kila rangi kwa kundi, kisha chini yake miradi ile tu inayosubiri uamuzi wake.

Mliowahi kufanya hivi, mradi mdogo unaozuia mingine mnauonyeshaje usizame kwenye idadi? Na rangi aichague msimamizi, au itokane na siku ambazo hatua imechelewa?