Bayo yangu ya Instagram yawakimbiza wateja?

WakalaKilindini: Asalaam aleikum wenzangu. Natoa magari na makontena bandarini, leseni ninayo. Juzi mteja wa Nairobi aliniambia ukurasa wangu ulimtia shaka. Bayo ndiyo hii:

```
🚢🔥💯 MFALME WA BANDARI 💯🔥🚢 #Mombasa #Bandari #Magari #Kenya #Biashara 🙏🇰🇪
```

Nifute emoji zote?

Mzee_wa_Makupa: Futa zote, bwana. Mtu anakukabidhi gari la milioni, wewe wamwashia moto. Hashitegi ziache, ndizo zitakazokuleta kwenye utafutaji.

BintiTudor: La emoji nakubali nusu, la hashitegi hapana. Kuiweka kwenye bayo hakuufanyi ukurasa wako uonekane chini ya hashitegi hiyo. Ni mlango tu: mteja akibonyeza #Magari anatoka kwako na kuangukia picha za washindani wako. Kinachotafutwa ni sehemu ya jina, ile iliyo juu ya bayo. Andika hapo jina lako, kisha "Wakala wa Forodha Mombasa".

Bayo ina nafasi ya herufi 150, na nafasi tupu na kukata mstari vyahesabiwa. Jaribu hivi:

```
Leseni ya KRA
🚢 Magari na makontena, bandari ya Mombasa
Hesabu ya ushuru kabla meli haijafika
👇 WhatsApp
```

Meli imesimama mwanzo wa mstari, inaonyesha kazi. Kidole kinaelekeza kwenye kiungo. Kama huna kiungo, kitoe. Moto na mia hazimwambii mteja lolote. Na usikate mistari zaidi ya hapo, maana ikizidi Instagram huificha ya chini mpaka mtu abonyeze.

MamaKeki_Likoni: Mie nauza keki TikTok, herufi 80 tu! Nimejaza mioyo na wateja waja. Kwani kosa liko wapi?

BintiTudor: Kwa keki halina neno, dadangu. Huyu anashika pesa na karatasi za watu.

Shee_Kibokoni: Niongeze moja. Ami yangu haoni, simu humsomea. Kila emoji hutajwa kwa jina lake, kwa hiyo ile ya kwanza ingemsomea meli, moto na mia kabla hajalisikia neno "mfalme". Zile herufi za mapambo za kunakili mtandaoni ni mbaya zaidi, pengine simu huziruka kabisa.

WakalaKilindini: Shukran dada. "Mfalme" naitoa, ingawa yaniuma. Lakini nina hashitegi ya kampuni yetu yenye picha za magari tuliyotoa. Hiyo nayo itoke?

BintiTudor: Ifungue kwanza uone. Kama ni picha zenu tu, yaweza kukaa mstari wa tatu. Ila yeyote anaweza kuitumia, kwa hiyo uwe waichungulia.

Mzee_wa_Makupa: Mimi bado ningeitoa. Na bendera je?

Shee_Kibokoni: Bendera aiache, ana wateja wa Kampala.

Mzee_wa_Makupa: Mstari wa pili ushasema Mombasa, bwana!