Kusafisha visanduku kwenye picha iliyosambazwa mno: jpegqs, Photoshop au ffmpeg?

Mjukuu_Nyakato
Wakuu, nina picha ya bibi yetu amesimama ufukweni, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yake. Tunataka kuiweka kwenye fremu ya A4 kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Imezunguka magrupu ya familia miaka mingi, na sasa anga na maji vimejaa visanduku. Ukizumu unaona mistari kama vigae vya sakafuni.

Nimejaribu njia tatu. Kwanza `jpegqs`:

```
jpegqs bibi.jpg bibi_safi.jpg
```

Sioni tofauti yoyote. Photoshop, kwenye Reduce Noise nikiweka tiki Remove JPEG Artifact, inapunguza kidogo tu. Selective Gaussian Blur ya GIMP inalainisha anga vizuri, lakini uso wa bibi unakuwa kama wa nta. Mnanishauri ipi?

studio_ya_Kirumba
Dada, usihangaike na hizo programu. Kila ukiisevu JPEG inazidi kufa, kwa hiyo igeuze PNG kwanza ndipo uongeze ukali. Sisi hapa studio tunaongeza ukali, tunaprinti, mteja anaondoka na picha yake.

mvuvi_wa_pikseli
Kaka wa Kirumba, PNG ni sahihi kwa kazi inayoendelea, maana haiongezi uharibifu mpya. Ila hairudishi kilichokwisha kupotea. Ukali ndio uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu ukiuweka mwanzoni programu inaona mpaka wa kisanduku kama ukingo halisi wa kitu na kuukoleza.

Na si kweli kwamba kila kusevu kunaua kwa kiasi kilekile. Ukiisevu tena kwa kwaliti ileile, bila kukata wala kubadili saizi, visanduku vinaangukia palepale na picha haibadiliki sana. Inayoua ni ile safari ya kupunguzwa, kukatwa, kupigwa skrinishoti na kusevuwa upya, maana kila mara gridi mpya inalala juu ya ya zamani.

Dada Mjukuu, tupe majibu ya hii amri:

```
identify -format "%Q %wx%h" bibi.jpg
```

Halafu fungua picha kwenye GIMP, zumu 800%, nenda kwenye anga upande wa kushoto. Sogeza mshale juu ya mistari na usome namba zinazoonekana chini ya dirisha. Mistari iko kwenye pikseli ya ngapi?

Mjukuu_Nyakato
Imetoa `92 1080x1440`. Mistari ipo kwenye 9, 18, 27, 36. Hiyo 92 si ni kwaliti nzuri? Mbona picha imepasuka hivi?

mvuvi_wa_pikseli
Hapo ndipo penye jibu. Hiyo 92 inaeleza kusevu kwa mwisho tu, haijui yaliyopita. `jpegqs` nayo inafanya kazi kwa jedwali la faili la mwisho: inatazama kila thamani ilikuwa imekadiriwa kwa kiasi gani, kisha inalainisha ndani ya mpaka huo. Jedwali la 92 linakadiria kidogo tu, ndiyo maana haikuona cha kurekebisha. Kwake visanduku vya zamani ni sehemu ya picha, sawa na jiwe lenyewe.

JPEG inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Wewe una 9. Maana yake picha ilikuwa na upana wa 960, ikaharibika hapo, kisha ikakuzwa hadi 1080, kwa kuwa 8 mara 1080 gawa kwa 960 ni 9. Nadhani mtu aliipiga skrinishoti kwenye simu yenye kioo cha upana wa 1080.

Kwa hiyo irudishe ilikotoka. Hakikisha kwanza hakuna ukanda mweusi pembeni, maana gridi lazima ianzie kwenye sifuri. Kisha Image, Scale Image, weka 960 kwa 1280, toa PNG. Hupotezi kitu, zile pikseli za ziada zilibuniwa wakati wa kukuza. Baada ya hapo:

```
ffmpeg -i bibi960.png -vf deblock=filter=strong:block=8 laini.png
```

Hii haihitaji kujua historia ya faili, inagusa mipaka ya kila pikseli 8 tu. Ukiiendesha kwenye faili lako la 1080 itapita katikati ya visanduku na mistari itabaki. Mistari mikali ikibaki hata kwenye 960, ongeza `:alpha=0.15` mwishoni mwa sehemu ya `deblock`. Ya kawaida ni 0.098. Panda taratibu, maana ukizidisha hata mikunjo ya kitenge chake itafutika.

sato_fresh_Mwaloni
Na mimi nina logo ya banda langu la samaki, maandishi meupe juu ya bluu, pembeni ya herufi kuna vumbi vumbi. Nitumie hiyo hiyo?

mvuvi_wa_pikseli
Hapana mkuu. Lako ni vumbi la kandokando ya herufi, liko ndani ya kisanduku wala si mpakani. Jaribu `jpeg2png`, imekusudiwa logo na michoro yenye rangi tambarare, na kwa picha za watu haifai. Ila kwa logo, bora aichore mtu upya.

Mama_Pasiansi
Kuna programu za simu zinazotoa sura safi kabisa kwa kubonyeza mara moja. Niliitumia kwa picha ya marehemu kaka yangu.

studio_ya_Kirumba
Mama, hizo nazikataa studio kwangu. Zinaweka macho na meno ambayo hayakuwepo. Mteja mmoja aliniambia huyu si baba yangu, ingawa picha ilikuwa safi.

Mama_Pasiansi
Sisi kwetu familia nzima ilimtambua na ikaridhika.

Mjukuu_Nyakato
Nimefuata hatua za mvuvi. Mistari ya angani imekwisha! Maji nayo yametulia. Ila limebaki doa doa la kijani na zambarau kwenye anga, na jiwe limepoteza chembe zake.

mvuvi_wa_pikseli
Jiwe na uso visafishwe kidogo au visiguswe, kwa sababu michirizi ya jiwe inaficha visanduku yenyewe. Weka `laini.png` juu ya `bibi960.png` kama leya mbili, ipe ya juu maski nyeupe, kisha paka nyeusi kwa brashi laini palipo na uso, mikono na jiwe. Palipopakwa patarudi kama awali.

Madoa ya rangi ni makubwa kuliko visanduku kwa sababu mara nyingi JPEG inahifadhi rangi kwa nusu ya vipimo, hivyo kisanduku cha rangi kinafika 16 kwa 16. Unganisha leya, nakili, ipige nakala Gaussian Blur ya 7 hivi, kisha badili modi yake iwe LCh Color. Rangi pekee ndizo zitalainika, mistari ya uso inabaki. Kama rangi ya kitenge inavuja nje ya mpaka wake, punguza hadi 4.

studio_ya_Kirumba
Naongeza la uchapishaji. Urefu wa 1280 kwenye A4 ni kama pikseli 109 kwa inchi, kwa fremu inayotazamwa kwa karibu ni chache. Kwenye sentimita 10 kwa 15 unapata zaidi ya 210. Mimi ningeprinti hiyo ndogo na kuizungushia pasipatuu pana, ile kadibodi ya kuzunguka picha, ndani ya fremu ya A4. Na angani mwagia HSV Noise kidogo sana, la sivyo printa itatoa mikanda.

mvuvi_wa_pikseli
Pasipatuu nakubali. Chembe za kumwagia mimi siziweki kwenye picha za wazee, zinafanya ngozi ionekane chafu.

studio_ya_Kirumba
Nimesema angani, tumia maski ileile.

Mjukuu_Nyakato
Nitaprinti mbili, yenye chembe na isiyo nazo, nizilinganishe. Shangazi wa Sengerema anasema simu yake ya zamani bado ipo kabatini na huenda ina nakala ya mwanzo. Akinitumia nimwambie nini ili isiharibike njiani?

mvuvi_wa_pikseli
Aitume kama dokumenti, asiitume kama picha, na asiifungue kuikata. Ikifika, endesha `identify` na hesabu mistari tena kabla hujagusa chochote. Ikiwa visanduku ni vya 8 na kwaliti iko chini, tuseme 60, basi hapo `jpegqs` ndiyo ya kuanzia.