Tupeane uzoefu: nukta ya simu ikigeuzwa anwani, inakosea wapi hapa Uganda?

Mratibu_Kabalagala
Wakuu, habari zenu. Mawakala wanapiga picha maduka ya wateja kila pembe ya nchi. Simu inaweka ndani ya picha namba za mahali ilipopigwa, halafu programu inazigeuza kuwa anwani ya kusomeka: barabara, mtaa, mji. Kampala majibu yanaeleweka. Lakini maduka ya Mbarara yote yanaandikwa Kyenjojo, na anwani zenyewe ni safi kabisa, zina barabara na wilaya. Kila aliyeshughulika na jambo hili aeleze kosa analolijua, linatambuliwaje na linatibiwaje. Leteni namba.

Mpimaji_Mzee
La Kyenjojo ni jepesi kulitambua: alama ya kutoa imepotea. Mbarara iko kusini mwa ikweta, takriban -0.61, 30.65. Kyenjojo iko kaskazini, takriban 0.61, 30.64. Miji hiyo miwili inatazamana kama mtu na kioo, ikweta ikiwa ndiyo kioo. Ukifuta kistari kile kidogo mbele ya 0.61 umemhamisha mteja digrii 1.22, yaani kilomita 135 hivi.

Nchi iliyo mbali na ikweta, kosa hili lingemtupa mteja bara jingine na mngeshtuka siku hiyohiyo. Hapa kwetu anabaki ndani ya Uganda, na kichujio cha "je, nukta iko Uganda?" kinampitisha bila neno. Masaka nayo ikipoteza kistari inaangukia mashambani huko kati ya Mityana na Mubende. Kinyume chake, Entebbe ikiongezewa kistari kisicho chake inazama ziwani, na hapo angalau mtu ataona.

Chanzo chake kwenye picha ni hiki. Faili la picha haliandiki -0.61. Linaandika digrii, dakika na sekunde bila alama yoyote, kisha linaweka herufi N au S kwenye sehemu nyingine kabisa inayoitwa `GPSLatitudeRef`. Programu ikisoma namba ikaiacha herufi, kusini yote inakuwa kaskazini. Chukua picha moja ya Mbarara, ile ya asili kutoka kwenye simu, uipime hivi:

```
exiftool -n -EXIF:GPSLatitude -EXIF:GPSLatitudeRef -Composite:GPSLatitude picha.jpg
```

Mstari wa kwanza utakuonyesha namba bila kistari, wa pili S, na wa tatu namba ileile ikiwa na kistari chake. Huo wa tatu ndio wa kutumia.

Tahadhari moja. Usije ukageuza alama za rekodi zote kwa mkupuo. Wateja wa Kampala na wa Kyenjojo halisi wana namba chanya kwa haki yao. Rudi kwenye picha za asili. Na kama picha zilitumwa WhatsApp kama picha za kawaida, taarifa hizo za ndani zimekwisha ondolewa. Zilizotumwa kama hati ndizo zinazobaki nazo.

Kijana_wa_Ntinda
Asante mzee. Ila kwa uzoefu wa hapa mjini, tatizo kubwa ni simu yenyewe. Simu ikionyesha usahihi wa mita 5, anwani ni ya kuaminika. Ikionyesha mita 300, nukta imetoka kwenye minara ya mtandao, itupe. Weka mpaka wa mita 20 na makosa yataisha.

Mchoraramani_Gulu
Ndugu wa Ntinda, nusu ya maneno yako naikubali. Nukta ya mita 300 haifai kupewa jina la barabara, iishie kwenye jina la mji. Lakini zile mita 5 zinaizungumzia nukta, haziizungumzii anwani. Tena kwenye Android, duara la mita hizo 5 lina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 68 hivi kuwa simu imo ndani yake. Takriban mara moja katika tatu iko nje.

Kosa linalosumbua zaidi linakuja baada ya hapo. Huduma ya kugeuza haikuambii nukta yako iko wapi. Inatafuta kitu kilichochorwa kilicho karibu nayo, kisha inakusomea anwani ya kitu hicho. Nominatim, inayotumia data ya OpenStreetMap, inalisema hili wazi kwenye maelekezo yake.

Fikiria nyumba iliyo ndani ya ua wenye ukuta. Njia ya udongo inayofika getini haijachorwa na yeyote. Nyuma ya ukuta, mita 40, inapita barabara kuu iliyochorwa vizuri. Simu iko sebuleni na nukta ni sahihi kwa mita 5. Jibu litakuwa jina la barabara kuu. Boda atafuata anwani, atasimama upande usio na geti, atapiga simu kwamba amefika, na mwenye nyumba akitoka getini hataona mtu. Hapo simu haina kosa lolote.

Dawa ni kupima umbali kati ya nukta uliyotuma na kitu ulichorudishiwa. Wengi wanapima vibaya. Namba za `lat` na `lon` zinazorudi ni za katikati ya kitu hicho. Barabara ya kilomita 2, katikati yake inaweza kuwa kilomita nzima kutoka uliposimama, ingawa umesimama juu ya lami yake. Omba umbo lote, ndipo upime hadi sehemu iliyo karibu:

```
curl -A "ramani-ya-maduka/1.0 (weka barua pepe yako)" "https://nominatim.openstreetmap.org/reverse?lat=0.3136&lon=32.5811&zoom=17&layer=address&format=jsonv2&polygon_geojson=1"
```

`zoom=17` inakomea kwenye barabara, 18 inashuka hadi jengo, 14 inakupa mtaa. `layer=address` inazuia usirudishiwe jina la duka la jirani. Umbali ukizidi mita 30 hivi, kwangu mimi jina la barabara halistahili kuandikwa: andika mtaa tu. Na kwa seva yao ya umma, ombi moja kwa sekunde ndiyo kikomo, pia lazima ujitambulishe kama nilivyofanya hapo kwenye `-A`. Ukiwa na maelfu ya picha, weka seva yako mwenyewe.

Mama_Duka_Jinja
Samahani jamani, mimi nikiandika namba ya ploti yangu kwenye ramani inanipeleka mwisho mwingine wa barabara. Nifanyeje wateja wanipate?

Mpimaji_Mzee
Mama, hilo lako ni safari ya kurudi: kutoka anwani kwenda nukta. Lakini umegusa jambo letu pia. Namba za ploti zinatoka kwenye kumbukumbu za ardhi. Ardhi ikigawanywa, namba mpya inazaliwa na haifuati mpangilio wa nyumba barabarani. Baadhi ya huduma zikijua ploti mbili tu, zinakisia zilizo katikati kana kwamba namba zinapanda kwa zamu. Kwenye majibu ya Google utaliona neno `RANGE_INTERPOLATED`. Ukilikuta hilo, namba ya ploti ni ya kukisia, na kwetu makisio hayo hayafai. Wewe wape wateja nukta yenyewe iliyopachikwa mlangoni kwako.

Dereva_Busia
Huku mpakani ukisimama upande wa Uganda, nukta ikihama mita 20 au 30 tu anwani inakuwa ya Kenya, na malipo yanakokotolewa kwa shilingi za huko. Kwa hiyo tunaangalia `country_code` kwanza. Ikitofautiana na nchi iliyo kwenye oda, mtu anapiga simu kabla ya gari kuondoka. Njia nyingine sijaiona.

Mratibu_Kabalagala
Nimepima picha 12 za Mbarara kama mzee alivyoelekeza. Zote zina S, na programu yetu ilikuwa haiisomi. Nashukuru sana. Sasa yamebaki mawili. Kuna maduka 9 ya Masaka yenye nukta ileile moja, ilhali yako mitaa tofauti. Na kuna wateja wa upande wa Makindye wanaoandikwa Wakiso, wenyewe wanakataa.

Mchoraramani_Gulu
Maduka 9 nukta moja: tazama ni tarakimu ngapi baada ya nukta ya desimali. Zikiwa mbili, kila hatua ni kilomita 1.1, kwa hiyo mtaa mzima unakusanyika sehemu moja. Tarakimu nne ni mita 11, tano ni mita 1.1. Hifadhi tano. Mara nyingi ni jedwali lililokata tarakimu wakati wa kuhamisha faili.

La Makindye ni gumu zaidi. Kuna Divisheni ya Makindye ndani ya Kampala, na kuna Manispaa ya Makindye-Ssabagabo iliyo Wilaya ya Wakiso, zimepakana. Wengine wako Wakiso kweli, ila maisha yao yote wanasema wako Kampala. Juu ya hilo, mitaa mingi kwenye ramani imechorwa kama nukta moja isiyo na mpaka. Huduma inakupa mtaa ambao nukta yake iko karibu, hata kama mwenyekiti wa LC1 anayekuhudumia ni wa mtaa mwingine. Wilaya unaweza kuipima kwa mipaka. Mtaa mwulize mteja, andika neno lake.

Kijana_wa_Ntinda
Basi kwa nini tusiachane na anwani, tutumie Plus Code? Nukta ya hapo juu, 0.3136, 32.5811, inakuwa `6GGJ8H7J+CC`, kisanduku cha mita 14 kwa 14. Haihitaji barabara yenye jina.

Mpimaji_Mzee
Kwa dereva mwenye simu, sawa, na hapo nakuunga mkono. Lakini kumbuka imetengenezwa kutokana na namba zilezile. Kistari kikipotea, Plus Code itakupa kisanduku safi cha Kyenjojo. Na kwenye risiti, karani wa benki bado anataka kuona jina la barabara.

Mratibu_Kabalagala
Jedwali limekata kweli, desimali mbili tu. Nitahifadhi nukta, usahihi wake, umbali hadi barabara iliyotajwa, na mtaa kwa neno la mteja. Swali langu kwa mchoraramani: zile mita 30 zinafaa pia vijijini, ambako barabara ya karibu iliyochorwa inaweza kuwa mita 400?

Mchoraramani_Gulu
Vijijini mimi huacha barabara kabisa, naandika kijiji na parishi. Ila kwa trading senta, nyumba zilizopangana kando ya barabara moja, 30 ni kali mno na 100 ni legevu. Mwenye kipimo kilichojaribiwa akiweke hapa.